Shoga Amekuomba Msamaha, Unamjibu Nini?

SEHEMU YA 1

Mama zangu, na kina baba mnaosoma kimya kimya bila kusalimia, nawaona. Wiki hii tuweke pembeni habari za chanjo na uji. Nataka tuzungumzie jambo ambalo nalisikia sana pale kwenye benchi la kliniki, mkiwa mnasubiri zamu ya mzani: marafiki.

Mama akijifungua, ndipo anapowajua watu wake. Kuna aliyeahidi kuja kukuona na hakuja. Kuna aliyekuja akasema neno kuhusu tumbo lako ambalo halijashuka. Kuna aliyempiga mtoto picha akaiweka stetasi bila kukuuliza. Unanuna, unanyamaza, siku zinapita. Halafu usiku mmoja simu inaita mlio wa meseji, unafungua, unakuta ameandika: shoga yangu, nisamehe.

Hapo ndipo wengi tunakwama. Tukiwa wadogo tulifundishwa kuomba radhi, tena kwa kuvutwa sikio. Lakini yule aliyekosewa alifundishwa nini? Aliambiwa "haya, mwambie yameisha, mkacheze." Hakuna aliyemuuliza kama yameisha kweli. Ndiyo maana leo, mtu mzima na mtoto wake mgongoni, ukiombwa msamaha unayajua majibu mawili tu. La kwanza ni "usijali mwaya, yameisha," na moyoni bado panachemka. La pili ni "sawa," nukta, unaweka simu chini.

Mimi nasema katikati ya hayo mawili pana nafasi kubwa. Kumpokea mtu aliyekuja kuomba radhi ni jambo moja, na kumsamehe ni jambo jingine. Kumpokea unaweza leo leo. Kusamehe kunaweza kuchukua wiki au miezi, na hakuna ubaya. Ukishayatenganisha, jibu lenyewe linakuwa fupi na jepesi kuandika, kwa sababu huhitaji kusema uongo wala kumfungia mtu mlango.

Nitawaeleza kwa kisa changu mwenyewe, maana mengine nikieleza ya watu nitakuwa natoa siri za wodini.

SEHEMU YA 2

Mtoto wangu wa pili alikuja na haraka zake, wiki ya 35, kilo 2.2. Wanaomjua mtoto njiti wanajua. Wa wiki 35 anaweza kuonekana mzima kabisa, analia vizuri, ana mashavu kidogo, lakini titi linamchosha. Ananyonya mara tano sita, analala. Ukimwamsha ananyonya mara tatu, analala tena. Siku ya tano tukampima: kilo 1.96. Mtoto mchanga kupungua uzito siku za mwanzo ni kawaida, ila huyu alikuwa ameshapita asilimia 10 ya uzito aliozaliwa nao, na hapo hatusubiri.

Daktari akasema aongezewe. Kwanza maziwa yangu ya kukamua, kwa kikombe kidogo, na pale yangu yasipotosha, maziwa ya kopo juu yake. Nikawa nakamua kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, huku nikimbeba kifuani ngozi kwa ngozi. Kopo lilitumika siku tisa. Baada ya hapo maziwa yangu yakatosha, mtoto akapata nguvu ya kuvuta mwenyewe, tukaliweka kabatini.

Katika siku hizo tisa nilimwambia mtu mmoja tu nje ya nyumba yangu. Rafiki yangu wa tangu chuo cha uuguzi. Tumelala kitanda kimoja cha bweni, tumeshika zamu za usiku pamoja, harusi yangu yeye ndiye aliyeshika mkoba wangu wa pesa. Nilimpigia nikamwambia, "Shoga, mimi ninayewaambia kina mama maziwa ya mama peke yake miezi sita, leo nimeshika kopo. Najua ni sahihi, ila nalia tu." Akanituliza vizuri sana.

Siku mbili baadaye, kwenye kundi letu la wasapu, lile la kina mama tunaochangiana kwenye uzazi na misiba, mtu akauliza swali kuhusu kunyonyesha. Mwingine akasema "muulizeni nesi." Rafiki yangu akajibu: "Nesi mwenyewe kwake ni kopo, nyie ndio anawahubiria titi." Akaweka na vile vikatuni vya kucheka hadi machozi. Wakacheka. Wengi. Nikahesabu waliocheka, huku nimekaa na kikombe cha kukamulia mkononi.

Sikuandika kitu. Nilitoka nikamnyonyesha mtoto. Lakini mama, niliumia mahali ambapo sindano haifiki.

Siku kumi zikapita bila salamu. Halafu siku ya kumi na moja, saa tano na dakika ishirini usiku, akaandika. Meseji yake nimeomba ruhusa yake kuileta hapa:

"Shoga, mtoto anaendeleaje. Nimekaa na hili jambo siku zote hizi. Ulinieleza mimi kama rafiki yako habari za maziwa, mimi nikaenda kukufanyia utani mbele za watu. Nimekukosea. Sina cha kujitetea. Naomba unisamehe."

Kesho nitawaambia nilichofanya kabla ya kujibu.

SEHEMU YA 3

Kabla hujajibu msamaha, usome. Namaanisha usome kama unavyosoma karatasi ya dawa, taratibu, kila neno.

Angalia kwanza kama amelitaja kosa. Rafiki yangu alilitaja: nilimwambia yeye kwa siri, akaenda kunicheka hadharani. Mtu anayelitaja kosa kwa jina lake amekaa nalo, amelipima. Tofauti kabisa na "samahani kama nimekukwaza." Lile neno "kama" ni dogo lakini linafanya kazi kubwa, maana linakuachia wewe mzigo wa kuthibitisha kwamba ulikwazika. Ipo pia "nisamehe, ila na wewe siku hizi unakasirika haraka." Hiyo "ila" imefuta yote yaliyotangulia. Na ipo "nisamehe jamani, mimi ni mtu mbaya sana, sifai hata kuwa na marafiki." Hii nayo iangalie vizuri. Ukiingia humo, dakika mbili tu utajikuta wewe uliyeumizwa ndiye unayembembeleza yeye.

Yake haikuwa na kama, haikuwa na ila, haikuwa na kujigaragaza. Kwa hiyo ilistahili jibu zuri.

Sasa suala la saa. Saa tano na dakika ishirini usiku mimi nilikuwa nakamua. Tangu nijifungue sikuwa nimelala saa nne mfululizo. Mwili wa mzazi mpya una mambo yake. Baada ya kujifungua homoni zinashuka kwa kasi, kuanzia siku ya pili au ya tatu machozi yanakuwa karibu, na kwa mama wengi hali hiyo hutulia ndani ya wiki mbili. (Ikipita wiki mbili bado unalia na huoni raha ya kitu chochote, usivumilie nyumbani, njoo kliniki useme.) Mtu mwenye usingizi wa vipande vipande anaweza kuandika usiku jambo ambalo asubuhi asingelisema. Anaweza kutukana, na anaweza pia kusamehe kila kitu kwa sababu tu amechoka na anataka amani. Yote mawili yana gharama.

Lakini kunyamaza nako ni jibu. Yeye anaona zile tiki mbili zimegeuka bluu. Anajua umesoma. Kila saa inayopita anaitafsiri. Kwa hiyo niliandika sentensi mbili tu, nikalala:

"Nimeiona meseji yako. Nitakujibu kesho nikiwa nimetulia."

Angalia, hapo sijasamehe, sijakataa, sijamwacha gizani. Nimempa siku. Ukimpa mtu siku, nawe uiheshimu. Kesho ni kesho, isiwe wiki ijayo. Ukimwacha mtu aliyekuja kwa unyenyekevu akae wiki nzima akisubiri, hapo hujatulia, unamwadhibu.

SEHEMU YA 4

Asubuhi, mtoto amelala, chai ipo, nikachukua simu. Sikuandika moja kwa moja kwenye uwanja wa meseji, kidole kisije kikateleza. Niliandika pembeni, kwenye sehemu ya kumbukumbu ya simu, nikajaribu majibu kama mtu anayejaribu viatu. Nayaleta yote mwone.

Jibu la kwanza: "Usijali mwaya, hamna shida, yameisha." Ni zuri kulisoma, na yeye angefurahi. Tatizo ni kwamba shida ilikuwepo na hayakuwa yameisha. Ningemwambia kwamba kunifanyia kichekesho cha kundi zima ni jambo la "hamna shida." Amekuja amebeba kosa lake mwenyewe kwa mikono miwili, mimi nalichukua nalitupa uvunguni. Mwezi ujao angesema utani mdogo tu kuhusu upishi wangu, mimi ningewaka moto, naye angeshangaa: si ulisema yameisha? Na angekuwa na haki ya kushangaa.

Jibu la pili: "Sawa." Hili ni la baridi. Ukweli ni kwamba mtu akikuandikia mistari sita akijishusha, ukamrudishia neno moja, umemwambia amepoteza muda wake. Wapo wanaoliona kama heshima, eti sijamtukana. Lakini hata "sawa" inaumiza ikitupwa.

Jibu la tatu lilikuwa refu, jamani. Lilianza vizuri, likaingia kwenye harusi ya dada yangu alivyochelewa, likapita kwenye deni la kitenge, likaishia na "siku zote nimekuvumilia." Nililiandika kwa raha sana, sikatai, nikalifuta. Mtu ameomba radhi kwa jambo moja, ukimletea mafaili ya miaka sita atajitetea, na ana sababu. Hapo mmehama kwenye msamaha mmeingia mahakamani.

Jibu la nne ndilo nililotuma:

"Shoga, asante kwa kuniandikia, na kwa kulitaja jambo lenyewe bila kuzunguka. Maneno yako nimeyapokea. Iliniuma kwa sababu nilikwambia wewe peke yako. Bado inauma kidogo, nipe muda. Jumamosi jioni nitakupigia tuongee."

Basi. Sentensi tano. Tuzipitie.

Ya kwanza inamshukuru kwa kitu mahususi alichofanya vizuri, yaani kulitaja kosa. Simsifii, namwonyesha kwamba nimesoma. Ubaridi wote huondoka hapo, na hapohapo hujasema kitu kisicho kweli.

Ya pili ndiyo kitovu: "nimeyapokea." Kiswahili chetu kimetupa neno zuri hapa. Mgeni akibisha unampokea, unampa kiti, lakini hujampa funguo za nyumba. Msamaha wake umeingia, umekaa. Sijamwambia nimesamehe, kwa sababu asubuhi ile ningekuwa nadanganya.

Ya tatu inataja maumivu mara moja, kwa sababu moja. Sikueleza nilivyolia, sikuhesabu waliocheka. Nilichagua kile kilichouma kuliko vyote, na ukweli ni kwamba utani wenyewe ningeuvumilia, kilichoniuma ni ile siri. Ukiambiwa sababu moja unaweza kuishika. Ukiambiwa kumi zinamwagika.

Ya nne inasema ukweli wa leo: bado, ila kidogo, na nahitaji muda. Lile neno "kidogo" nilipima kama niliache au nilitoe. Nililiacha kwa sababu baada ya kusoma meseji yake maumivu yalikuwa yamepungua kweli. Kama kwako hayajapungua, andika "bado inauma" uishie hapo.

Ya tano inampa siku. Bila hiyo, "nipe muda" inaweza kusikika kama "kwaheri." Nikataja Jumamosi kwa sababu nilijua Jumamosi nitaweza. Usitaje siku usiyoweza kuitimiza.

Na jibu hili lilikwenda kwake peke yake. Kosa lilifanyika kwenye kundi, lakini radhi ilikuja faraghani, na jibu linafuata njia ambayo radhi imepita.

SEHEMU YA 5

Utajuaje kama jibu lako limefika salama? Sikiliza kinachorudi. Yeye alirudisha: "Nimekuelewa. Jumamosi nasubiri." Hakusukuma. Kama angerudisha "kwa hiyo bado umeninunia?" ningejua alichotaka ni kupumua yeye, na ningemjibu kwa upole kitu kilekile: "Hapana, sijanuna. Nimesema nipe muda, Jumamosi tutaongea." Unarudia ulichosema, huongezi maelezo. Ukianza kueleza upya kila anaposukuma, kufika mara ya tatu utakuwa umeshasema "haya basi yameisha."

Msukumo mwingine unatoka nyumbani. Mama yangu mzazi alikuja kuniuguza uzazi, na alipoona nimekaa kimya akasema, "Mwanangu, samehe upesi, mtoto atanyonya hasira." Hili nalisikia sana, wacha niliseme kama nesi. Hasira haiharibu maziwa. Hayachachi, hayana sumu, mtoto hapati ugonjwa kwa kunyonya titi la mama aliyekasirika. Kinachotokea ni kwamba ukiwa na mawazo mengi au maumivu, maziwa yanaweza kuchelewa kushuka kwa dakika kadhaa, kwa sababu ile homoni inayoyasukuma inasumbuliwa na wasiwasi. Kaa mahali patulivu, mweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, kanda titi taratibu, yatashuka. Nilimjibu mama, "Mama, nimeshampokea. Kusamehe kunakuja." Akatikisa kichwa, akaenda kukoroga uji. Usikubali kusamehe kwa tishio la maziwa.

Jumamosi nikampigia. Tuliongea kama dakika arobaini, mtoto akiwa kifuani. Hapo ndipo nilisema yale ambayo hayakufaa kwenye meseji. Moja lilikuwa kubwa kuliko mimi. Kwenye kundi lile kulikuwa na mama mwingine mwenye njiti, naye aliambiwa hospitali amwongezee mtoto kwa kikombe. Baada ya kuona nilivyochekwa, akanitafuta pembeni akiuliza kama aache, asije akaonekana mvivu. Nilimwambia asiache, aendelee kama alivyoelekezwa na arudi kupima uzito kwa tarehe yake. Rafiki yangu, nesi mwenzangu, aliposikia hilo alinyamaza muda mrefu. Nikamwambia, "Ombi langu ni moja. Pale ulipoyasema, yasahihishe palepale."

Jioni ile akaandika kwenye kundi kwamba alichosema hakikuwa sahihi, kwamba mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati na kupungua uzito anaweza kuhitaji kuongezewa, na kwamba kufanya hivyo kwa ushauri wa daktari si uvivu wala si aibu. Hakutaja maziwa yangu tena. Hakuweka vikatuni.

Kwa nini ombi hili sikuliweka kwenye jibu langu la kwanza? Kwa sababu jibu la kwanza likibeba ombi, linasomeka kama bei: fanya hivi ndipo nikupokee. Nilimpokea bila bei. Ombi likaja siku yake, kwa sauti, ambapo anaweza kuuliza na kujibu.

SEHEMU YA 6 (ya mwisho)

Mmeniuliza kama sasa tumerudi kama zamani. Nitawaambia ilivyokwenda.

Mtoto alipofika wiki ya sita akaja nyumbani na chungu cha mtori amekifunga kwa kanga, daladala mbili. Alinawa mikono kabla sijamwambia. Akafua nguo za mtoto, tukaongea habari za kazini, za bei ya mchele. Siri sikumpa. Sikumnyima kwa kisasi, ila ile sehemu yangu ya kumwambia mambo ilikuwa bado ina kidonda, na kidonda hukifunui kila siku kuangalia kama kimepona. Nikawa nampa vitu vidogo kwanza. Nikamwambia jambo moja dogo kuhusu kazi, nikaona halikutoka. Mwezi uliofuata jingine.

Mtoto alipokuwa na miezi minne hivi, tunakunja nguo, nikamwambia, "Lile la kopo nimeshakusamehe." Akauliza, "Tangu lini?" Nikamwambia sijui, nimegundua tu leo kwamba silikumbuki tena nikikuona. Tukacheka wote wawili, na safari hii nami nilikuwa ninacheka.

Ndiyo maana neno "nimekusamehe" nalitunza. Ningelitumia asubuhi ile ya siku ya kumi na mbili, lingekuwa tupu, na leo nisingekuwa na neno la kusema.

Sasa mifano mifupi ya radhi za aina nyingine, maana si wote watakuandikia vizuri kama yeye.

Akikuandikia "samahani kama nimekukwaza," msaidie kulitaja, bila ukali: "Asante kwa kunitafuta. Ndiyo, nilikwazika pale ulipoweka picha ya mtoto stetasi bila kuniuliza. Naomba uiondoe." Umepokea, na ile "kama" umeiondoa wewe. Hapa ombi linakaa kwenye jibu lenyewe kwa sababu picha bado ipo hewani, kila saa inaonwa.

Akija mwenyewe mlangoni, analia, na wewe hujajiandaa: mkaribishe, mpe maji, mwambie, "Nashukuru umekuja. Nimekusikia. Leo sina maneno mengi, tutaongea." Huwezi kumwambia mtu aliye mbele yako asubiri kesho kama kwenye simu, lakini unaweza kuwa na maneno machache. Mtoto akilia uende kwa mtoto, hakuna atakayekulaumu.

Akiwa amekosa jambo dogo kweli, alisahau kukupigia, alichelewa kwenye arobaini ya mtoto, na moyoni huna kitu, hapo sema "usijali" kwa raha zako. Neno lile si baya. Ubaya wake ni pale unapolitumia kufunika kitu kinachouma.

Na akiwa anaomba radhi kwa jambo lilelile mara ya tatu: "Maneno yako nimeyapokea. Ila hili ni la tatu, kwa hiyo safari hii nitaangalia vitendo." Sentensi mbili, sauti ya kawaida. Halafu uangalie kweli.

Haya yote ni ya marafiki. Anayekupiga halafu anakuomba radhi, hilo ni suala jingine kabisa na halijibiwi kwa meseji nzuri. Hilo tuambie sisi kliniki, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu ya kawaida, tutaanza na namna ya kukamua maziwa kwa mkono na kuyatunza, kwa mama anayerudi kazini. Andaeni kikombe safi chenye mdomo mpana. Usiku mwema, na kama kuna mtu ulimwambia utamjibu kesho, basi kesho ikifika umjibu.